Dipoziti ya Harusi Bado Ni Pesa ya Mwenyewe

Kwa mwenye biashara ya hema na harusi pale Usenge, mwezi mgumu huwa Juni. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa, na pesa ya ziwa ikipungua, mjini nako kunapoa. Hapo ndipo familia iliyopanga harusi ya Desemba inatuma dipoziti ya 40,000 kwa simu. Kodi ya duka inadaiwa, karo inadaiwa, na ile pesa iko pale kwenye salio. Sisi tunaona mpango mzima wa biashara hii unasimama au unaanguka hapo: unaiitaje hiyo 40,000?

Tuchukue mfano. Harusi imekubaliwa kwa 120,000. Mpishi anataka 48,000, mpambaji kutoka Kisumu 18,000, mwenye spika na jenereta 12,000, lori 7,000 na vibarua wa kusimamisha hema 5,000. Jumla ni 90,000. Kinachobaki kwako, kwa hema na viti vyako pamoja na jasho lako, ni 30,000. Yaani katika kila shilingi nne unazopokea, tatu si zako.

Ukila dipoziti yote Juni, Desemba itabaki 80,000 ya kupokea, na wenzako wanangoja 90,000. Umeshapungukiwa na 10,000 hata kabla hujasimamisha hema. Wengi huziba pengo hilo kwa dipoziti ya harusi ya mwaka unaofuata. Basi hapo harusi moja inalipia nyingine, na mteja mmoja akiahirisha, mnyororo unakatika. Dalili ni rahisi kuiona: ukijikuta unasubiri mteja mpya atume pesa ndipo umlipe mpishi wa Jumamosi hii, tayari uko ndani.

Tungeigawa ile 40,000 siku hiyo hiyo inapoingia. 10,000 iwe ada ya kushika tarehe, hairudishwi, kwa sababu umewakataa wengine wa siku hiyo. Hiyo unaweza kuitumia. 30,000 ni ya watoa huduma: watumie kidogo sasa ili nao washike tarehe, na inayobaki iende kwenye akiba iliyofungwa, mbali na salio la kila siku. Mteja akighairi, unamrudishia 30,000 ukitoa tu kile kilichokwisha kulipwa, na ujumbe wa malipo unakuwa ushahidi. Andikeni haya mapema. Familia ikifiwa, ambalo ndilo jambo la kawaida zaidi, iruhusiwe kuhamisha tarehe mara moja bila kupoteza chochote, mradi mpishi na wenzake wako huru siku hiyo mpya.

Awamu ya pili iwe 60,000, wiki mbili kabla ya harusi. Ukijumlisha na ile 30,000 unapata 90,000 kamili, kwa hivyo watoa huduma wote wamefunikwa. Ya mwisho, 20,000, ni yako. Mteja akichelewa hapo, utaumia wewe peke yako kidogo, lakini wageni watakula. Mpishi anayelipwa kwa wakati Desemba, mwezi ambao kila mtu anamtafuta, ndiye atakayepokea simu yako kwanza mwaka ujao.

Sasa, Juni utaishi kwa nini? Kwa matanga. Hema ni zile zile, na malipo huja haraka kutoka kwenye michango. Lakini angalia siku. Mara nyingi mwili unaletwa nyumbani Ijumaa na mazishi ni Jumamosi, kwa hivyo hema zinasimama Alhamisi au Ijumaa na kurudi Jumapili. Hema ya matanga haiwezi kuhesabiwa kwa harusi ya Jumamosi hiyo hiyo. Kama ni kisiwani Mageta, ongeza nauli ya boti kwenda na kurudi, na siku moja zaidi. Kwa hivyo kalenda ya harusi itangulie: hema zilizoshikwa kwa dipoziti hazitoki, hata anayeomba awe jirani. Zilizobaki ndizo za matanga, na pesa yake ndiyo ya kodi na mishahara.

Kuna jambo dogo linalosaidia. Ukipokea kwa Paybill badala ya Till, mteja anaandika namba ya akaunti. Mpe namba ya tukio lake, mfano DES14 kwa harusi ya tarehe 14 Desemba. Kila awamu itaingia na jina la tarehe yake, na utajua Juni ile salio lako ni la nani.