Miaka si chapati, acheni kuikata vipande

Wasee, kuna mtindo mmoja wa chati siupendi kabisa. Mtu anachukua idadi ya watu wa Nairobi katika sensa tatu, anaiweka kwa chati ya duara, ile tunaita pai, na kila mwaka unapata kipande chake. Rangi ziko poa. Lakini chati yenyewe haisemi kitu.

Tupige hesabu. Sensa ya 1999 ilipata karibu watu milioni 2.14 Nairobi, ya 2009 milioni 3.14, na ya 2019 milioni 4.40. Ukizitia kwa pai, programu inazijumlisha kwanza, inapata milioni 9.68, halafu inakuambia 2019 ni asilimia 45. Asilimia 45 ya nini? Hakuna Nairobi yenye watu milioni 9.68. Mama aliyeishi Kayole miaka hiyo yote amehesabiwa mara tatu.

Vipande vya pai lazima vitoke kwa chapati moja, wakati mmoja. Kwa hivyo jumlisha vipande vyako kwanza, ujiulize hiyo jumla ni ya kitu gani. Ukikosa jibu, weka pai kando.

Ukiuliza "Nairobi imekua aje?", chora grafu ya mstari. Miaka ikae chini, watu wakae pembeni. Hapo utaona kitu ambacho pai ilificha: kati ya 1999 na 2009 jiji liliongeza karibu watu milioni moja, na muongo uliofuata likaongeza milioni 1.26. Mstari unapanda kwa ukali zaidi. Weka nukta kwa kila sensa, ndio watu wajue hapo katikati hakuna mtu alihesabiwa.

Ukiuliza "Kati ya Wakenya wote, ni sehemu gani iko Nairobi?", hilo ni swali tofauti, na lina pesa ndani, kwa sababu idadi ya watu ni moja ya vigezo vya kugawia kaunti fedha. Mwaka 2019 Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6, na Nairobi ilibeba asilimia 9.2. Hapa pai iko sawa: kipande cha Nairobi, na kipande cha Kenya iliyobaki.

Lakini ukitaka kuonyesha jinsi sehemu hiyo ilivyobadilika, usiweke pai mbili kando kwa kando. Mwaka 2009 ilikuwa asilimia 8.1, na tofauti yake na 9.2 kwenye duara ni nyuzi nne tu kati ya 360. Jicho haliwezi kuishika. Chora mstari wa asilimia zenyewe: 7.5 mwaka 1999, kisha 8.1, kisha 9.2. Hapo kila mtu ataona inapanda.

Siku nyingine ukipata pai iliyokatwa kwa miaka, muulize aliyeichora: asilimia ya nini, buda?