Haba na haba hujaza kibaba, si ghala

Wacha niseme kitu ambacho kitawaudhi wale wa "weka shilingi kumi kila siku utatajirika". Kibaba ni kipimo kidogo, ndugu zangu. Wahenga walikuwa wazi kabisa, sisi ndio tumeongeza chumvi.

Tuanze na huu mtindo wa kukamilisha bei. Ukilipa 70, simu inakata 100, ile 30 inaingia akiba. Inasikika poa. Shida ni kwamba ukiweka ikamilishe hadi kumi iliyo karibu, hapa Kenya utaokota hewa. Nauli ni 70, sukuma ni 30, bando ni 20. Bei zetu nyingi za kila siku tayari zinaishia sifuri, kwa hivyo hakuna cha kukamilisha. Mbinu hii inafaa mahali ambapo bei zina senti senti. Huku kwetu lazima ukamilishe hadi 50 au 100, la sivyo unajichezea.

Sasa tupige hesabu ya mtu anayekamilisha hadi 50. Asubuhi nauli 70, anaweka 30. Chakula cha mchana 130, anaweka 20. Bando la 20, anaweka 30. Sukuma ya 30, anaweka 20. Nauli ya jioni ni 100, hapo hakuna kitu. Jumla ni shilingi 100 kwa siku. Akifanya kazi siku 26, ana 2,600 kwa mwezi, na kwa mwaka 31,200. Hizo si pesa za kuchekwa, nakubali.

Lakini hebu tumfuate hadi tarehe 22. Mshahara umekwisha, akiba yake imekaa kwingine, na anachukua mkopo wa simu wa 3,000 kufika mwisho wa mwezi. Ada ya M-Shwari ni asilimia 7.5, kabla ya ushuru. Hiyo ni shilingi 225. Akifanya hivyo kila mwezi, mwaka unamtoka 2,700 kwa ada pekee.

Na akiba yake imezaa nini? Tuseme iko mahali panapolipa asilimia 10 kwa mwaka. Kwa kuwa anaweka polepole, wastani wa pesa zilizokaa mle mwaka mzima ni kama 15,600, si 31,200. Riba ni 1,560. Toa kodi ya asilimia 15, anabaki na 1,326. Yaani amelipa 2,700 ili apate 1,326, halafu anapiga picha ya salio na kuandika "nidhamu". Nidhamu gani hiyo, bana? Mtu kama huyu, shilingi yake ya kwanza ingeenda kumaliza ule mkopo. Hakuna akiba halali ya simu itakayomlipa asilimia 7.5 kwa mwezi.

Tundu la pili ni kutoa kidogo kidogo. Kwa wakala wa M-Pesa, kutoa 300 ni shilingi 29, na kutoa 1,500 pia ni shilingi 29. Ukichomoa 300 mara tano umelipa 145 badala ya 29. Ukitaka kujua kama akiba yako inafanya kazi, usiangalie umeweka mara ngapi. Fungua taarifa ya miezi mitatu, jumlisha ulichoweka, toa ulichochomoa, toa ada, toa mikopo ya simu unayodaiwa. Hiyo namba inayobaki ndiyo akiba yako.

Je, vidogo vidogo huwa vinafaa lini? Vinafaa pesa yako inapoingia kila siku na kuna bili inayokuja na tarehe yake. Chukua mama mboga mwenye karo ya muhula. Muhula wa wiki 13, siku sita kwa wiki, ni siku 78. Mia moja kila jioni ni 7,800, na hizo pesa haziwezi kuishi kwa mkoba wake miezi mitatu bila kuliwa. Ndiyo maana kina mama wa sokoni huchangishana kila siku. Wakiwa 15, kila mmoja na mia yake, mmoja anaondoka na 1,500 siku hiyo hiyo, na hakuna anayethubutu kukosa kwa sababu wenzake wako kibanda cha pili.

Wewe mwenye mshahara wa mwezi, huhitaji vituko vya shilingi 20. Ile 2,600 itoe mara moja, siku pesa inaingia, kabla nauli na bando hazijaigusa. Ni pesa ile ile, ila hapo inatoka mapema, na ikifika tarehe 22 ulishapanga maisha bila hiyo.

Haya, nani anabisha? Leta taarifa yako ya miezi mitatu tuhesabu.