Wananchi, tuiandike upya karatasi ya jiko la presha

Ndugu zangu wa Kampala, ukipita Kikuubo utakuta majiko ya presha ya umeme yamepangwa pamoja na mabirika na blenda. Ni chombo cha kumfaa mtu aliyechoshwa na bei ya makaa. Mvuke hauna pa kutokea, kwa hiyo maharage huiva upesi na umeme unaotumika ni kidogo.

Wanunuzi si wa hapa tu. Wapo wanaotoka Kongo na Sudan Kusini, na lugha tunayokutana nayo kaunta ni Kiswahili. Ndiyo maana muuzaji hupitisha maelezo ya kiwandani kwenye mashine ya kutafsiri, kisha akayabandika kwenye boksi au kuyatuma kwa WhatsApp. Nia yake ni njema. Je, mama aliye jikoni anaelewa?

Tuseme ameletewa haya: "Usifungue kifuniko mpaka vali ya kuelea matone. Kutolewa kwa shinikizo la asili dakika 15. Chakula cha kupanua usizidi 1/2. Anza kuchelewa saa 2."

Matone yametoka wapi? Mashine imekutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, kushuka na tone la maji, ikachukua isiyohusika. Na hapo pana hatari. Hiyo "vali ya kuelea" ni kipini kidogo juu ya kifuniko. Mvuke ukijaa hukisukuma juu, nacho hukifunga kifuniko kisifunguke. Mvuke ukiisha, kipini hushuka chenyewe. Msomaji asiyeelewa anaweza kukibonyeza kwa kijiko kwa haraka zake, na mvuke wa moto ukamuunguza.

"Shinikizo la asili" nalo ni jambo jepesi: zima jiko, uliache lipoe lenyewe. Kwa maharage ni muhimu, kwa sababu povu lake likitolewa kwa ghafla huziba kitundu cha mvuke. Hiyo "1/2" ni ya vyakula vinavyovimba, kama maharage na mchele. Vyakula vingine visizidi theluthi mbili ya sufuria.

Na ile "saa 2"? Kwetu hiyo ni saa mbili asubuhi au usiku. Kiwanda kilitaka kusema kwamba jiko litaanza kupika baada ya saa mbili kupita.

Sasa tuandike kama tunavyosema:

"Hili ni jiko la presha la umeme, lita 6. Ukipika maharage au mchele, chakula pamoja na maji visizidi nusu ya sufuria, yaani lita 3. Maharage yakiiva, zima jiko, uliache dakika 15 lipoe. Tazama kipini kilicho juu ya kifuniko. Kikiwa bado kimeinuka, usifungue na usikibonyeze. Kikishashuka chenyewe, fungua. Ukitaka jiko lianze kupika baadaye, chagua muda wa kusubiri. 2 maana yake ni baada ya saa mbili."

Mmeona? Kila sentensi sasa inamwambia mtu afanye nini, na onyo limekaa pale pale anapolihitaji.

Wewe mwenye duka unaweza kuanza leo. Usiandike ukiwa na karatasi peke yake. Fungua boksi, ushike kila kitu kinachotajwa. "Pete ya kuziba" utaikuta ni mpira wa kifuniko, basi iite hivyo. Neno likikushangaza, rudi kwenye maandishi ya Kiingereza uone mashine ilipotelea wapi. Kila penye katazo, hakikisha "usi-" haijadondoka njiani.

Namba usiziguse. Zinakili kutoka kwenye kibandiko cha jiko lenyewe, pamoja na V na W zake. Umeme wetu ni volti 240. Jiko lililoandikwa 110–120 V pekee likichomekwa ukutani litaungua, na hakuna Kiswahili kizuri kitakacholiokoa.

Ninyi walimu na wanafunzi wa Kiswahili, mna kazi hapa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika Katiba tangu mabadiliko ya 2005. Mbona kisiingie jikoni? Chukueni karatasi moja ya jiko lililopo nyumbani, mwiandike upya darasani.

Kisha mpeni mtu ambaye hajawahi kulitumia jiko hilo. Msimuulize kama ameelewa, maana kwa adabu atasema ndiyo. Mwambieni aoneshe kwa mikono, jiko likiwa limechomolewa: atajaza mpaka wapi, atafungua lini? Pale anaposita ndipo pa kurekebisha.

Ndugu yangu, kabla hujauza jiko linalofuata, soma karatasi yake kwa sauti. Ukikwama, iandike upya kabla mteja hajaondoka nalo.