Butura ya dhahabu ilivyomega nusu ya Geita

Na Josephat Kamugisha

Mkulima wa Nyaishozi au Nkwenda anayeuza kahawa ikingali ua haihitaji semina kuelewa mauzo ya mbele. Ada ya shule inadaiwa, mnunuzi yuko uani na fedha mkononi, wanapatana bei ya magunia yatakayovunwa miezi kadhaa baadaye. Ndiyo butura. Serikali imeipiga marufuku na bado watu wanaifanya kwa siri.

Migodi mikubwa ya dhahabu nayo huuza kabla ya kuchimba, ila namna yao inatofautiana na yetu katika jambo moja ambalo lilitikisa soko la dunia nzima.

Tuchukue mfano. Mgodi unaiahidi benki wakia 1,000 baada ya mwaka mmoja, na bei ya leo ni dola 300 kwa wakia. Benki haisubiri. Inakodi wakia 1,000 kutoka kwenye akiba ya benki kuu fulani kwa ada ya asilimia 1 kwa mwaka, inaziuza leo hii, kisha fedha inaziweka zinakozaa riba ya asilimia 5. Tofauti ni asilimia 4, yaani dola 12 kwa wakia. Kwa hiyo mgodi unaweza kuahidiwa hadi dola 312, pungufu ya kile benki inachojikatia. Mwaka ukitimia, mgodi unaleta dhahabu na benki inamrudishia mwenyewe.

Hapo mkulima wetu atashangaa: mgodi umepata bei inayopita ya leo, wakati yeye kwenye butura hupunjwa. Lakini kuna la pili. Kahawa ya butura haifiki sokoni mpaka iive. Dhahabu ya mgodi, kwa njia ya ile iliyokodiwa, imeuzwa ikiwa bado chini ya mwamba. Migodi ikifanya hivyo kwa wingi, soko linajaa na bei inashuka. Bei ikishuka, migodi mingine inaingiwa na hofu nayo inauza ya mbele, na bei inazidi kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ahadi hizo zilikuwa zimefikia karibu tani 3,000, zaidi ya dhahabu yote ambayo migodi ya dunia ilikuwa ikichimba kwa mwaka wakati huo. Migodi ilikuwa inachangia kuiangusha bei ileile iliyokuwa ikiikimbia.

Ashanti Goldfields ya Ghana, iliyokuwa ikijenga mgodi wa Geita, ilizama humo kuliko wengi. Ahadi zake zilikaribia wakia milioni 10, nyingine zikiwa za kumpa mnunuzi haki ya kudai dhahabu kwa bei iliyopangwa endapo bei ingepanda. Tarehe 26 Septemba 1999 benki kuu 15 za Ulaya zilitangaza kwamba zitapunguza uuzaji wa dhahabu yao na hazitaongeza ile zinayokodisha. Bei iliruka kutoka karibu dola 270 hadi kupita 320 ndani ya siku chache.

Mtu angesema Ashanti ifurahi, kwani ina dhahabu ardhini. Lakini mikataba iliruhusu benki kudai dhamana ya fedha taslimu mara pengo kati ya bei ya ahadi na ya soko linapopanuka, na madai yakafika takriban dola milioni 270. Dhahabu ambayo haijachimbwa hailipi deni la wiki hii. Mwaka 2000 Ashanti iliuza nusu ya Geita kwa AngloGold ya Afrika Kusini ili ipate pumzi, na mwaka 2004 ikamezwa yote.

Kilichoiua Ashanti, kwa maoni yangu, ni kile kifungu cha dhamana pamoja na wingi wa ahadi. Mgodi unaofunga bei ya sehemu ya mavuno yake ili ulipe mkopo wa ujenzi, bila kudaiwa dhamana, bei ikipanda unakosa faida ya ziada tu. Sioni dhambi hapo.

Upepo uligeuka baadaye. Bei ilipoendelea kupanda, kampuni zilianza kujinasua kwa kununua ahadi zao, na manunuzi hayo yakaisukuma bei juu zaidi. Barrick, mmiliki mkuu wa Bulyanhulu, ilijiondoa mwaka 2009. AngloGold Ashanti ilimaliza Oktoba 2010, wakia ikiwa imevuka dola 1,300, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 2.

Sisi Karagwe na Kyerwa hatuna Geita. Kyerwa tuna bati. Hata hivyo kodi ya faida ya migodi hiyo ni yetu sote. Mgodi ukiuza chini ya bei ya soko, na hasara ikaandikwa kwenye vitabu vya kampuni iliyoko hapa nchini, faida ya kutozwa kodi inapungua. Ikiandikwa kwa kampuni mama ng'ambo, haipungui. Kila mkataba wa mauzo ya mbele unaogusa mgodi wa Tanzania unapaswa kuwekwa mezani kwa Tume ya Madini na Mamlaka ya Mapato kabla ya kusainiwa, kiasi, bei na kifungu cha dhamana vikionekana.