Kesi ni ya Watu Wote, Gharama ni ya Nani?



Wengi wetu hudhani ya kwamba kuishtaki Serikali ni shauri la kupata wakili tu. Akipatikana wa kujitolea, basi mambo yamekwisha. Sivyo hivyo. Liko deni jingine lisiloonekana siku ya kufungua kesi, nalo ni gharama za yule uliyemshtaki. Ukishindwa, korti yaweza kukuamuru uwalipe mawakili wake.

Hiyo ni sheria ya siku nyingi. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai chasema kuwa gharama hufuata matokeo, ila jaji akiona sababu njema ya kuamuru vingine. Watu wawili wakigombea ng'ombe, hapo sina neno, maana mshindi hakutaka kuburutwa kortini. Lakini mtu aombaye korti ichunguze amri ya Serikali inayowagusa wananchi wote hadai ng'ombe wake. Akishinda twapona sote, akishindwa deni ni lake peke yake.

Chukueni kesi iliyotoka Kibera. Mwaka 2019 Nubian Rights Forum, chama cha haki za Wanubi chenye mizizi yake huko Kibera, kilikwenda Mahakama Kuu pamoja na tume mbili za haki za binadamu kupinga mpango wa Huduma Namba. Wanubi wanajua taabu ya kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho, ndiyo maana waliona hatari mapema. Tarehe 1 Aprili 2019 majaji watatu waliamuru kwamba mtu asilazimishwe kujiandikisha wala asinyimwe huduma kwa kukosa namba hiyo. Hukumu ilitoka tarehe 30 Januari 2020. Kuchukua chembe za damu za urithi, yaani DNA, na kuandika mahali hasa nyumba ya mtu ilipo, kulikataliwa kuwa ni kinyume cha Katiba, na mpango wenyewe ukaambiwa usiendelee mpaka pawe na kanuni kamili za kuuongoza. Siku hizi Serikali imeuacha na kuleta Maisha Namba.

Na gharama je? Majaji walisema kesi ililetwa kwa faida ya umma, kwa hiyo kila upande ujilipie. Wengi walishangilia neno hilo. Mimi naliona lina sura mbili. Lilimkinga mwenye kesi, ni kweli. Lakini wenye kesi walikuwa wamepata sehemu kubwa ya walichokiomba, na bado hawakurudishiwa hata nauli ya kwenda kortini. Tena, walilisikia siku ya mwisho. Toka Februari 2019 mpaka Januari 2020 hakuna aliyeweza kuwaambia kwa hakika kuwa wakishindwa hawatadaiwa.

Hapo ndipo penye kidonda. Huku Kawangware ninakokaa niliwahi kuhudhuria mkutano wa majirani waliotaka kupeleka ofisi moja kortini kwa sababu ya njia ya maji machafu. Fedha za kuchanga zilipatikana. Kilichokosekana ni mtu wa kutia jina lake juu ya karatasi. Mama mmoja muuza mboga aliuliza, "Wakija kudai, watakuja kwa nani?" Hakuna aliyemjibu, na shauri likafa palepale.

Swali lake lilikuwa la haki, nami nalijibu sasa. Wanakuja kwa yule ambaye jina lake liko kwenye kesi. Mshindi hupeleka hesabu yake kwa msajili wa korti, naye huikadiria kwa kufuata amri ya malipo ya mawakili. Katika amri ya mwaka 2014, kesi ya Katiba iliyopingwa huanzia shilingi 100,000 kwa kazi ya wakili, na huo ni mwanzo tu, waweza kupandishwa. Kama umewashtaki watatu na kila mmoja ana wakili wake, kila mmoja aweza kuleta hesabu yake. Hivyo hata kwa kiwango cha chini kabisa umefika 300,000 kabla ya karatasi na nauli. Ukiona msajili amezidisha, una siku 14 za kumwandikia ukitaja vipengele unavyovikataa, kisha ukipata sababu zake una siku 14 nyingine za kwenda mbele ya jaji. Siku hizo zikipita bila ruhusa ya korti, deni limesimama, na dalali hana haraka lakini huja.

Na Serikali ikishindwa? Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali chakataza kukamata mali yake. Mshindi hupewa cheti cha kupeleka kwa afisa wa malipo, kisha angoje. Kiti cha mama yule chaweza kupigwa mnada, kiti cha waziri hakiwezi.

Kweli, Katiba ya 2010, Ibara ya 22, yasema pasitozwe ada ya kufungua kesi ya haki za msingi. Nayo kanuni ya 26 ya zile kanuni za mwaka 2013 yampa jaji hiari ya gharama, lakini yamwagiza ahakikishe kila mtu anaweza kufika kortini. Mwaka 2012, katika kesi ya John Harun Mwau juu ya tarehe ya uchaguzi, Mahakama Kuu ilisema anayeshtaki kwa faida ya umma bila kujitafutia chake asitishwe kwa gharama. Akishindwa na Serikali asitozwe, na akishinda hakuna sababu Serikali isimlipe. Maneno hayo yanafanana na ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika kesi ya Biowatch, mwaka 2009, iliyomwacha nje mtu mwenye kesi ya upuuzi au ya kuudhi. Basi wanaosema kwamba tutafungulia mlango wachokozi wamejibiwa zamani.

Ila hiari ni hiari. Mahakama ya Juu katika kesi ya ndugu wa Rai, mwaka 2014, ilikubali faida ya umma iwe kitu cha kutazamwa, lakini mizani ikabaki mkononi mwa jaji, mwisho wa kesi.

Waingereza wana dawa nyingine, amri ya kukinga gharama. Mwaka 2005 chama kidogo kiitwacho Corner House kilipinga namna Serikali yao ilivyolegeza masharti ya kuzuia rushwa. Korti ya Rufani ilikikinga, ikaeleza masharti: jambo liwe kubwa kwa umma, mwombaji asiwe na faida yake binafsi, fedha za pande zote zipimwe, na iwe yamkini bila amri hiyo ataiacha kesi. Katika kesi za mazingira viwango viliandikwa wazi mwaka 2013: kwa kawaida mtu mmoja akishindwa hatozwi zaidi ya pauni 5,000, na Serikali ikishindwa hailipi zaidi ya 35,000. Ndiyo bei ya dawa hiyo, kwamba naye mshindi hukatiwa. Tena toka sheria yao ya 2015, katika kesi nyingine dhidi ya Serikali, kinga haitolewi mpaka mtu apewe ruhusa ya kuendelea, na kabla ya hapo hatari ya gharama iko juu yake.

Kanuni zetu za 2013 hazitaji kinga ya mwanzoni wala kiwango. Mimi nasema ziongezwe sharti hilo, jaji aamue gharama siku ya kwanza kesi inapotajwa. Hata kabla ya hapo, wakili aweza kuomba kwa kushika kanuni ya 26, akiambatisha kiapo cha mwombaji kinachoonyesha mapato yake, idadi ya watu watakaofaidika, na kwamba yeye hapati fidia. Jaji akikataa, heri kujua mapema, maana kesi yaweza kuondolewa kabla hesabu haijanenepa. Na akikubali, mwombaji aangalie kwamba amri imewataja washtakiwa wote, pamoja na wale watakaoingia baadaye, na kwamba rufani ni shauri jingine lihitajilo ombi lake.