Sarafu Ikiimarika, Nani Hudhoofika?

Katika taarifa za habari za biashara, ni nadra kusikia sentensi iliyozoeleka kama ile isemayo kwamba shilingi imeimarika dhidi ya dola. Sisi tunaoshughulikia lugha tunajua kuwa kitenzi hiki hakikuja mikono mitupu. Kuimarika ni sifa. Mgonjwa huimarika, nyumba huimarishwa, imani huwa imara. Kinyume chake ni kudhoofika, na hakuna apendaye kudhoofika. Hivyo msomaji huambiwa ashangilie kabla hajaelezwa kilichotokea.

Dai langu katika makala haya ni kwamba sifa hiyo hutuficha jambo zito. Ipo hali ambamo kule kuimarika kwa sarafu ndiko kunakomeza fedha zote ambazo serikali imezitumia kuinua pato la taifa. Serikali hukopa, hutumia, hujenga, na pato hubaki palepale. Wanauchumi wameifafanua hali hii kwa zaidi ya miaka 60, lakini katika Kiswahili chetu cha magazeti tungali tunasema tu kwamba serikali ikimwaga fedha uchumi utanawiri, kisha katika ukurasa unaofuata tunaipongeza sarafu kwa kuimarika. Sentensi hizi mbili zaweza kuwa zinapingana, na mwandishi asitambue.

Nadharia yenyewe ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na wataalamu wawili waliofanya kazi katika Shirika la Fedha la Kimataifa, ingawa kila mmoja aliandika kivyake: Marcus Fleming, Mwingereza, aliyechapisha makala yake mwaka 1962, na Robert Mundell, mzaliwa wa Kanada, aliyechapisha yake mwaka 1963. Mundell alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1999. Masharti ya hoja yao ni machache. Nchi iwe ndogo kiasi kwamba haiwezi kubadili riba ya dunia. Mtaji uruhusiwe kuingia na kutoka bila kizuizi wala gharama. Sarafu iachwe ielee, yaani thamani yake iamuliwe na soko. Na benki kuu isiongeze wala kupunguza fedha zilizomo katika mzunguko. Sharti hili la mwisho ndilo husahaulika, ilhali ndilo lenye uzito kuliko yote.

Tuchukue nchi ya kubuni. Fedha zilizomo katika mzunguko ni bilioni 200. Riba ya dunia ni asilimia 5, na riba ikiwa hapo, wananchi hupenda kuweka mikononi robo ya pato lao ili kuendeshea shughuli zao. Kwa hiyo pato linalolingana na fedha hizo ni bilioni 800, wala si zaidi. Sasa serikali yaamua kutumia bilioni 40 zaidi katika barabara, nazo inazipata kwa kuuza hati za dhamana. Makandarasi wanalipwa, vibarua wanaajiriwa, na pato laanza kupanda kuelekea bilioni 840. Lakini pato la bilioni 840 huhitaji fedha bilioni 210 mikononi mwa watu, nazo zipo 200 tu. Wenye kuhitaji fedha watauza hati zao, serikali nayo inauza zake, na soko litawataka wote walipe riba kubwa zaidi. Riba yaanza kupita asilimia 5.

Hapo ndipo mlango wa nje unapofunguka. Mwenye mtaji aliyeko ng'ambo, ambaye kwao anapata asilimia 5, aona kuna faida upande huu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na riba ndiyo ngozi inayovutwa. Ili anunue hati zetu, sharti kwanza anunue sarafu yetu. Wanunuzi wakiwa wengi, bei ya sarafu yapanda. Gazeti laandika kwamba sarafu imeimarika.

Kwa mkulima auzaye nje, maana yake ni kwamba dola ileile aliyozoea kulipwa sasa inampa fedha chache za nyumbani. Kwa mwenye kiwanda cha viatu, maana yake ni kwamba viatu vya kigeni vimekuwa rahisi madukani. Mauzo ya nje yapungua, uagizaji waongezeka. Je, mchakato huu utakoma lini? Maadamu riba ya ndani imezidi ya dunia, mtaji utaendelea kuingia na sarafu itaendelea kupanda. Utakoma pale tu riba itakaporudi asilimia 5. Na riba haiwezi kurudi hapo mpaka pato lirudi bilioni 800, kwa sababu ndilo pato pekee linalolingana na fedha zilizopo.

Tutazame basi hesabu ya mwisho. Pato ni lilelile, hivyo matumizi ya wananchi hayakubadilika. Riba ni ileile, hivyo uwekezaji haukubadilika. Serikali imeongeza bilioni 40. Ili jumla isibadilike, tofauti kati ya mauzo ya nje na uagizaji lazima iwe imeshuka kwa bilioni 40 kamili. Kilichopatikana na makandarasi kimetoka kwa wauzaji wa nje na kwa wenye viwanda wanaoshindana na bidhaa za kigeni. Wahenga walisema pakacha likivuja ni nafuu ya mchukuzi. Hapa mchukuzi hana nafuu yoyote, kwa kuwa deni la bilioni 40 bado liko kichwani pake. Ni kweli kwamba barabara imejengwa, na huenda ni barabara njema. Ila haikuongeza pato la mwaka ule; ilibadilisha tu ni nani anayelipata.

Yamkini msomaji atasema kuwa huu ni mchezo wa karatasini. Ndiyo maana ni vyema kurejea Kanada, ambako hoja hii ina mizizi. Wakati nchi nyingi zilikuwa zimefunga sarafu zao kwa viwango maalumu, Kanada iliiacha dola yake ielee kuanzia Septemba 1950 hadi Mei 1962, na mtaji ulivuka mpaka wake na Marekani bila tatizo kubwa. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho dola ya Kanada iliizidi ile ya Marekani; mnamo Agosti 1957 ilifikia senti 106 za Kimarekani. Sarafu imara kwelikweli! Wakati huohuo ukosefu wa kazi ulipanda hadi takriban asilimia 7 mwaka 1958, na ukawa pale tena mwaka 1960 na 1961.

Serikali ya John Diefenbaker, iliyoingia madarakani mwaka 1957, iliendesha bajeti zenye nakisi. Mwaka 1958 iliwaomba raia wabadilishe hati za dhamana za wakati wa vita, zenye thamani ya dola bilioni 6.4, wachukue nyingine za muda mrefu zaidi zenye riba ya juu. James Coyne, gavana wa benki kuu, naye hakukubali kulegeza fedha. Riba za Kanada zikakaa juu ya zile za Marekani, mtaji ukaingia, dola ikabaki ghali, na nakisi ya biashara na malipo ya nje ikazidi dola bilioni 1 kila mwaka kati ya 1956 na 1960. Kichekesho ni kwamba Coyne mwenyewe alilalamika mno kuhusu mtaji wa kigeni na utegemezi wa Kanada kwa Marekani, ilhali riba alizozitetea ndizo zilizokuwa zikiualika mtaji huo. Mzozo wake na waziri wa fedha, Donald Fleming (asichanganywe na Fleming wa nadharia), ulifika bungeni. Bunge la wawakilishi lilipitisha mswada wa kumwondoa, seneti ikaukataa, naye akajiuzulu Julai 1961.

Sidai kwamba nakisi ya bajeti peke yake ndiyo iliyoidumaza Kanada. Fedha zilibanwa na bajeti ikalegezwa kwa pamoja, na ni vigumu kupima ni kipi kilichovuta zaidi. Hata hivyo, somo la Mundell linaonekana waziwazi: mkono wa bajeti hauwezi kuinua pato iwapo mkono wa benki kuu umekaza kamba, na mlango wa mtaji u wazi. Benki kuu ingeongeza fedha, hadithi ingegeuka. Riba ingeelekea chini, mtaji ungetoka, sarafu ingeshuka, na viwanda vingepumua.

Mipaka ya nadharia hii nayo isemwe. Nchi kubwa kama Marekani hubadili riba ya dunia yenyewe, kwa hiyo sehemu tu ya matumizi yake huvuja. Tena mwenye mtaji huja tu akiwa na imani. Septemba 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza kodi kwa fedha za kukopa. Riba zilipanda, lakini pauni ilianguka badala ya kupanda, kwa kuwa wenye mtaji waliingiwa na hofu. Kwa hiyo dalili za kutazama ni tatu zikiandamana: matumizi ya serikali yanapanda, sarafu inapanda, mauzo ya nje yanashuka. Sarafu ikianguka, huo ni ugonjwa mwingine.

Nasi je? Mtaji hauingii Kenya kwa wepesi ule wa Kanada, na benki kuu yetu haiiachi shilingi peke yake kila siku. Lakini Februari 2024 serikali iliuza hati za dhamana za miundombinu zilizolipa riba ya zaidi ya asilimia 18, wageni wakawa miongoni mwa wanunuzi, na katika majuma yaliyofuata dola ikashuka kutoka takriban shilingi 160 hadi karibu 130. Haikuwa sababu pekee. Mkopo mpya wa nje wa dola bilioni 1.5 ulikuwa umeondoa hofu ya deni lililoiva mwaka huo. Aliyeagiza mafuta alipata nafuu, na nafuu hiyo si ya kubezwa. Ila chai yetu huuzwa mnadani Mombasa kwa dola. Aliyepokea dola 100 alikuwa akipata shilingi 16,000. Sasa akapata 13,000, na gharama zake za nyumbani hazikupungua kwa kiasi hicho. Vichwa vya habari vilisema shilingi imeimarika. Sikusoma kimoja kilichosema kwamba mkulima wa Kericho amedhoofika.

Baadhi ya wahadhiri wetu wataniambia kuwa kuimarika kumeshakita mizizi na haking'oki. Sitaki king'olewe. Nasema tu kwamba tunapofasiri habari za uchumi, au tunapowasahihishia wanafunzi insha zao, tuandike sarafu imepanda bei au imeshuka bei, kama tusemavyo kuhusu unga na sukari. Bei ya unga ikipanda, hakuna mhariri aandikaye kwamba unga umeimarika. Msomaji wake huuliza papo hapo ni nani anayenunua na ni nani anayeuza.