Pesa ya mguu uliovunjika si mshahara: kwa nini fidia na bima ya maisha mara nyingi hazitozwi kodi

Jamaa inapopokea pesa za bima kisha kifo cha baba, au majeruhi anapolipwa fidia kisha ajali, haipiti siku nyingi bila mtu kuuliza: na serikali, fungu lake liko wapi? Wengine wanakubali kukatwa asilimia 10 au 15 palepale, bila kuuliza kwa sheria gani. Kuuliza si kosa. Kosa ni kulipa kabla ya kupata jibu, na jibu hili mjane au mkimbizi wa ndani anaweza kulifahamu bila kuwa mwanasheria.

Kodi ya mapato inatafuta kitu kimoja: kile mtu alichoongeza juu ya alichokuwa nacho. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Februari 1969 juu ya kodi ya mapato iligawa mapato katika mafungu matatu. La kwanza ni pesa za kupangisha nyumba na viwanja. La pili ni matunda ya mtaji, kama vile riba. La tatu ni mapato ya kazi, yaani mishahara na faida ya biashara. Mguu uliovunjika haupatikani katika fungu hata moja. Mwenye mguu huo hakupangisha, hakukopesha, hakuuza. Alipoteza, na pesa anayopewa inajaribu kumrudisha pale alipokuwa.

Mfano unasaidia. Motari mmoja anagongwa na lori kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda. Bima ya magari ni ya lazima katika Kongo, kwa hiyo kampuni ya bima ya lile lori inapaswa kumlipa. Tuseme wanapatana dola 4.400: dola 1.200 ni za hospitali na dawa, dola 2.000 ni za mguu uliobaki mfupi pamoja na maumivu, na dola 1.200 ni za miezi 8 bila kazi, kwa hesabu ya dola 150 kila mwezi. Mtu akija kumkata asilimia 15, zitaondoka dola 660 na atabaki na 3.740. Deni la hospitali halitapungua kwa sababu hiyo, wala mguu hautarefuka. Mwenye kuumizwa angelipa mara ya pili kwa ajali ambayo hakuisababisha.

Hapo kuna pingamizi la kweli. Zile dola 1.200 za miezi 8 zimechukua nafasi ya kazi, na mapato ya kazi yanatozwa kodi. Nchi hazijibu namna moja. Katika Amerika, ambako jamaa nyingi za Wakongo zimepokelewa kama wakimbizi, kifungu cha 104 cha sheria ya kodi kinasema fidia ya jeraha la mwili haihesabiwi kuwa mapato, na sehemu ya mishahara iliyopotea kwa sababu ya jeraha hilo inafuata njia ileile. Lakini mwajiri akiendelea kumpa mfanyakazi mgonjwa mshahara wake wa kawaida, huo unabaki mshahara na unakatwa kodi. Kinachoangaliwa ni pesa imetoka wapi na imekuja kuziba shimo gani.

Bima ya maisha inaleta shaka zaidi, kwa sababu hesabu yake inafanana na faida. Baba analipa dola 20 kila mwezi kwa miaka 10, jumla dola 2.400. Anakufa, na watoto wanapokea dola 10.000. Je, zile 7.600 za juu si faida? Kwanza, dola 20 za kila mwezi kwa kawaida zilitoka katika mshahara uliokwisha kukatwa kodi. Pili, zile 7.600 zimetoka katika kapu moja na wenzake waliolipa miaka hiyohiyo na bado wako hai. Kila mmoja alitoa kidogo ili atakayefiwa asibaki mikono mitupu. Tatu, jamaa imepoteza mtu ambaye angeleta nyumbani zaidi ya dola 10.000 kama angeishi. Ndiyo sababu sheria nyingi zinaacha pesa hiyo ipite. Kifungu cha 101 cha sheria ya Amerika kinasema hivyo wazi juu ya pesa inayolipwa kwa sababu ya kifo.

Msamaha huu una mipaka, na asiyeijua anaweza kudanganyika upande mwingine. Watoto wakiweka zile dola 10.000 benki na zikazaa riba ya dola 300, riba hiyo ni matunda ya mtaji na inaweza kutozwa kodi. Baba akiwa hai na akachukua akiba ya mkataba wake wenyewe, nchi nyingi zinatoza kile kilichozidi pesa alizoweka, kwa sababu hapo hakuna kifo wala hasara. Na mfanyabiashara akilipwa na bima kwa mifuko ya mchele iliyoungua dukani, pesa hiyo imekaa mahali pa mauzo, na inaingia katika hesabu ya biashara kama mauzo yenyewe.

Basi swali ni moja: pesa hii imechukua nafasi ya kitu gani? Ikikaa mahali pa mwili au uhai, mara nyingi si mapato. Ikikaa mahali pa mauzo au riba, ni mapato.

Kwa jamaa zilizokimbia vita, swali hili haliko mbali. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Mahakama haikutaja jumla peke yake: milioni 225 ni kwa madhara yaliyopata watu, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, milioni 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Mfuko wa FRIVAO, wenye makao Kisangani, uliundwa ili kugawia wahanga. Uamuzi ule ni kati ya serikali mbili na haukupanga kodi ya mhanga mmoja mmoja, lakini namna ulivyogawa inafundisha jambo: kila hasara ilipewa mstari wake.

Na hapo ndipo watu wengi wanapoteza haki yao. Wanatia sahihi karatasi yenye jumla tu, dola 4.400 bila maelezo. Siku ya maswali, hakuna awezaye kuonyesha kipi kilikuwa cha mguu na kipi cha kazi. Kabla ya kutia sahihi, majeruhi aombe karatasi inayotenga matibabu, jeraha, kazi iliyopotea, mali, na riba ya ucheleweshaji kama ipo. Mjane ashike nakala ya mkataba wa bima, cheti cha kifo, na karatasi inayosema pesa imelipwa kwa sababu ya kifo.

Mtu akidai kodi kabla ya kuachilia pesa, aonyeshe kifungu cha sheria na hati yenye jina la mlipaji. Kodi ya serikali inaacha risiti ya serikali. Asilimia inayoombwa mkononi, mlangoni pa ofisi, haina fungu katika sheria yoyote, na mjane ana haki ya kuikataa.